Sarafu Mbili na Mraba wa Punnett: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Urithi wa Sifa

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi wanaoanza biolojia huyarudia kila wanapofika mada ya urithi, pamoja na machache ambayo walimu huulizana wanapoandaa zoezi la kurusha sarafu. Jibu moja likitegemea jingine, limetajwa mahali pake.

## Msingi

Sarafu inawakilisha nini hasa?

Sarafu moja inawakilisha mzazi mmoja kwa upande wa jeni moja tu. Nyuso zake mbili ni aleli mbili za jeni hiyo alizonazo mzazi, moja aliyoipata kwa baba yake na nyingine kwa mama yake. Kitendo cha kurusha kinawakilisha kutengenezwa kwa gameti, yaani mbegu ya kiume au yai: katika mgawanyiko wa seli unaotengeneza gameti, aleli mbili hutengana na kila gameti huondoka na moja tu, kama vile sarafu inayotua huonyesha uso mmoja tu.

Makosa mengi katika mada hii huanzia hapa. Mwanafunzi anayedhani kwamba sarafu ni jeni, au kwamba sarafu ni mtoto, atachora kwa kukariri mraba sahihi wa Punnett, yaani jedwali la njia ambazo gameti za wazazi hukutana, na kushindwa kueleza maana ya visanduku vyake. Mtoto hapatikani katika sarafu moja. Hupatikana pale sarafu mbili, moja ya kila mzazi, zinaposomwa pamoja.

Kuna tofauti gani kati ya jeni na aleli?

Jeni ni sehemu ya kromosomu yenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Aleli ni namna mojawapo ya maelekezo hayo. Njegere wote wana jeni inayohusika na utengenezaji wa wanga ndani ya mbegu. Baadhi ya njegere wana aleli inayofanya kazi, ambayo huandikwa R, na baadhi wana aleli iliyoharibika, ambayo huandikwa r. Mmea mmoja una nafasi mbili za jeni hiyo, kwa hiyo unaweza kuwa RR, Rr au rr. Mpangilio huo wa herufi mbili huitwa jenotaipu.

Aleli kuwa tawala maana yake nini?

Maana yake ni kwamba nakala moja inatosha kuionyesha sifa yake. Katika njegere, aleli ya R hutoa kimeng'enya kinachounda matawi ya wanga, na nakala moja ya R hutoa kimeng'enya cha kutosha kuifanya mbegu iwe ya mviringo. Mbegu ya rr haina kimeng'enya hicho, hivyo hulimbikiza sukari nyingi, huvuta maji mengi inapokua, na inapokauka hupoteza maji hayo na ganda lake kujikunja makunyanzi.

Kwa hiyo R haiipigi vita r wala haiibadilishi. Ndani ya mbegu ya Rr, aleli ya r ipo kamili na itarithishwa ikiwa kamili. Aidha, kutawala hakusemi lolote kuhusu wingi: aleli tawala inaweza kuwa adimu sana katika jamii, na aleli iliyofichika inaweza kuwa ya kawaida.

## Kurusha na kurekodi

Zoezi linafanywaje, hatua kwa hatua?

Chukua sarafu mbili za thamani tofauti, kwa mfano ya shilingi 200 iwe baba na ya shilingi 100 iwe mama. Kwa sarafu hizi za Tanzania, uso wenye sura ya kiongozi uwe R na uso wenye mnyama uwe r. Nyuso za kila sarafu zikiwa na herufi mbili tofauti, wazazi wote wawili ni Rr.

Rusha sarafu zote mbili kwa pamoja, ziache zitue juu ya meza, kisha andika kwanza herufi ya baba na baadaye ya mama: RR, Rr, rR au rr. Kila mrusho ni mtoto mmoja, au mbegu moja ya njegere. Rudia mara 40, hesabu kila aina, kisha unganisha matokeo ya kundi lako na ya darasa zima ubaoni. Weka sheria mapema kuhusu sarafu itakayoanguka sakafuni: ama inahesabiwa daima, ama inarushwa upya daima. Mwanafunzi akiachiwa kuamua baada ya kuona matokeo, ataurusha upya mrusho usiompendeza na takwimu zake zitapinda bila yeye kukusudia.

Kwa nini sarafu ziwe za thamani tofauti?

Kwa sababu sarafu zinazofanana huficha jambo muhimu kuliko yote katika zoezi. Ukirusha sarafu mbili zisizotofautishika utaona matokeo ya aina tatu: sura mbili, wanyama wawili, au mchanganyiko. Wanafunzi wengi hukimbilia kusema kwamba kila aina ina theluthi moja. Baada ya mirusho 40 wanashangaa kwamba mchanganyiko umetokea karibu mara 20.

Sarafu tofauti hulionyesha jibu waziwazi. Mchanganyiko hupatikana kwa njia mbili: sura kwenye ya baba na mnyama kwenye ya mama, au kinyume chake. Kwa hiyo kuna njia nne zenye uwezekano sawa, na mbili kati yake huishia kwenye jenotaipu ileile ya Rr. Tunapoandika rR kwenye daftari ni kwa ajili ya kuhesabu njia tu. Mbegu yenyewe haitofautishi R iliyotoka kwa nani, na mwishoni tunaandika zote kuwa Rr.

Kama mzazi ni RR au rr, sarafu inafanyaje kazi?

Bandika kipande cha karatasi kwenye kila uso na uandike herufi ileile pande zote mbili. Mzazi wa rr ana sarafu yenye r na r, na hata ikirushwa mara elfu haitatoa R. Ninasisitiza zoezi hili lifanywe kweli, si kuelezwa tu, kwa sababu ndilo linalomwonyesha mwanafunzi kwamba bahati iko kwa mzazi mwenye aleli mbili tofauti peke yake. Mzazi mwenye aleli zinazofanana naye hutengeneza gameti kwa njia ileile. Tofauti ni kwamba gameti zake zote hubeba herufi moja.

Mwalimu anawezaje kutambua matokeo yaliyobuniwa?

Matokeo yaliyobuniwa huwa mazuri kupita kiasi. Daftari lenye RR 10, mchanganyiko 20 na rr 10 barabara linawezekana, lakini makundi matatu jirani yakileta hesabu hiyo hiyo, hayakurusha. Dalili nyingine ni mpangilio. Mtu anayebuni huogopa kurudia tokeo lilelile mara nyingi mfululizo, ilhali sarafu haiogopi: katika mirusho 20 ya sarafu moja, takriban mara tatu kati ya nne utapata mahali ambapo uso uleule umetokea angalau mara nne mfululizo. Ndiyo maana nashauri matokeo yaandikwe kwa mfuatano yalivyotokea, si kwa kuchora vijiti vya jumla tu.

## Kutoka sarafu hadi mraba

Mraba wa Punnett ni nini, na unahusianaje na sarafu?

Ni jedwali lililobuniwa na Reginald Punnett wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20, linaloorodhesha njia zote ambazo gameti za wazazi wawili zinaweza kukutana. Juu ya jedwali huandikwa nyuso za sarafu ya mzazi mmoja, na pembeni huandikwa nyuso za sarafu ya mwingine:

| | R | r |
|---|---|---|
| R | RR | Rr |
| r | Rr | rr |

Kila kisanduku ni mojawapo ya zile njia nne za kutua kwa sarafu mbili. Kwa kuwa kila sarafu ina nusu kwa nusu, kila kisanduku kina uwezekano wa 1/2 × 1/2, yaani 1/4. Kisanduku cha RR na vile viwili vya Rr hutoa mbegu za mviringo, jumla 3/4. Cha rr hutoa makunyanzi, 1/4.

Usichore mraba kabla ya kurusha. Mwanafunzi aliyekwisha kuhesabu njia nne kwa mikono yake huutambua mraba kuwa ni muhtasari wa alichokifanya, na hahitaji kukariri herufi ziende wapi.

Je, visanduku vinne maana yake ni watoto wanne?

Hapana. Visanduku vinne ni uwezekano wa mtoto mmoja. Kila mtoto mpya ni mrusho mpya wa sarafu zote mbili, na sarafu hazikumbuki zilivyotua jana.

Ukitaka kulithibitisha darasani, gawa mirusho katika mafungu ya nne nne na uhesabu ni mafungu mangapi yana mbegu tatu za mviringo na moja ya makunyanzi. Nadharia inasema ni 27 kati ya 64, yaani takriban asilimia 42. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya mafungu hayatakuwa na uwiano wa 3 kwa 1 ulioandikwa vitabuni.

Basi uwiano wa 3 kwa 1 unaonekana wapi?

Unaonekana idadi inapokuwa kubwa. Gregor Mendel, aliyefanya majaribio yake katika mji wa Brno na kuyachapisha mwaka 1866, alihesabu mbegu 7,324 kutoka kwenye mimea 253 ya Rr iliyojichavusha yenyewe. Alipata 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, yaani 2.96 kwa 1. Lau angeishia kwenye ganda moja lenye mbegu tano au sita, asingeona chochote.

Kwa darasa, fikiria hivi. Katika mirusho 40 unategemea rr 10, lakini kupata idadi yoyote kati ya 5 na 15 ni jambo la kawaida kabisa. Makundi kumi yakiunganisha matokeo, yaani mirusho 400, unategemea 100, na matokeo ya kawaida ni kati ya takriban 83 na 117. Kwa asilimia, mtawanyiko umepungua kutoka kati ya 12 na 38 hadi kati ya 21 na 29. Kundi lililopata rr 6 halikukosea, na mwalimu asiliambie lirudie.

Mbegu za mviringo tunajuaje kama ni RR au Rr?

Kwa kuziangalia huwezi. Rudi kwenye mraba ufute kisanduku cha rr, kwa kuwa tayari unajua mbegu si ya makunyanzi. Vinabaki visanduku vitatu, na viwili kati yake ni Rr. Kwa hiyo mbegu ya mviringo kutoka kwa wazazi hawa ina uwezekano wa 2/3 kuwa Rr, si 1/2.

Mendel alilipima jambo hili. Alipanda mbegu za mviringo na kupata mimea 565, akaiacha ijichavushe: mimea 193 ilizaa mbegu za mviringo pekee, na 372 ilizaa za aina zote mbili. Hiyo ni karibu 1 kwa 2, kama visanduku vilivyobaki vinavyosema. Kwa sarafu, pitia daftari lako, kata kila mrusho wa rr, kisha hesabu waliobaki.

Hatua hii ya kufuta kisanduku inahitajika tena katika maswali mawili yaliyo hapa chini.

## Mfano wa binadamu: selimundu

Je, ugonjwa wa selimundu unaweza kufundishwa kwa sarafu hizi?

Ndiyo, na kwa maoni yangu ndio mfano bora kwa darasa la Afrika Mashariki, kwa sababu aleli yake ipo kweli katika jamii zetu na hesabu yake ni ya jeni moja. Jeni husika hutoa sehemu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Aleli ya kawaida iandikwe A na ile ya selimundu S. Mtu wa AA hana ugonjwa wala habebi aleli yake, wa AS ni mbebaji ambaye kwa kawaida huwa na afya, na wa SS ana ugonjwa.

Tuchukue baba na mama ambao wote ni AS. Sarafu zao ni zilezile za mwanzo zikiwa na A na S. Kwa kila ujauzito, uwezekano ni 1/4 AA, 1/2 AS na 1/4 SS. Wakipata watoto wanne, uwezekano kwamba hakuna hata mmoja mwenye SS ni 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4, yaani 81/256, ambayo ni takriban asilimia 32. Kwa hiyo karibu familia moja kati ya tatu za namna hii zenye watoto wanne haitakuwa na mtoto mgonjwa, wala haitajua kuwa wazazi wote ni wabebaji, isipokuwa wapimwe damu.

Mtoto wa kwanza ana selimundu. Je, watatu wanaofuata watakuwa salama?

Hapana, na kosa hili lina gharama nje ya darasa. Mtoto wa pili ana uwezekano uleule wa 1/4, na wa tatu vilevile, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la visanduku vinne. Kisanduku cha SS hakijatumika kikaisha.

Dada ana SS na kaka hana ugonjwa. Je, kaka ni mbebaji?

Huenda ni mbebaji, kwa uwezekano wa 2/3, ikiwa wazazi wote wawili ni AS. Ni hesabu ya mbegu za mviringo, kwa kufuta kisanduku cha SS. Hata hivyo, kwa binadamu hakuna haja ya kubaki kwenye uwezekano: kipimo cha hemoglobini hutoa jibu la hakika. Jambo hili mwalimu alitamke, na aangalie asimwombe mwanafunzi yeyote ataje hali ya familia yake mbele ya wenzake.

Je, S ni aleli iliyofichika kweli?

Inategemea unaangalia nini. Ukiangalia ugonjwa, AS huwa mzima kama AA, hivyo S imefichika. Ukipima hemoglobini, damu ya AS ina aina zote mbili, kwa hiyo hakuna iliyofichika wala inayotawala. Ukiangalia malaria kali, AS ana kinga zaidi kuliko AA, jambo ambalo Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa utafiti uliofanyika Afrika Mashariki, na ndilo linaloeleza kwa nini aleli ya S haikutoweka katika maeneo ya malaria. Kutawala si tabia ya kudumu ya aleli. Ni uhusiano wa aleli mbili katika sifa uliyochagua kuitazama.

## Pale sarafu zinapohitaji marekebisho

Jinsia ya mtoto inaingiaje hapa?

Hapa sarafu inabeba kromosomu badala ya aleli. Sarafu ya mama ina X pande zote mbili, kama ile ya mzazi wa RR, na ya baba ina X na Y. Mraba unatoa nusu XX na nusu XY, na kinachoamua ni mrusho wa baba. Mama anayelaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu analaumiwa kwa sarafu ambayo haina uso mwingine. Baba naye hachagui uso utakaotua.

Kama jenotaipu moja haizaliwi kabisa, mraba unakuwaje?

Kisanduku kinafutwa na vilivyobaki vinahesabiwa upya. Mwaka 1905 Lucien Cuénot alieleza kuhusu panya wa rangi ya manjano ambao hakuweza kupata wa kuzaa manjano watupu. Baadaye ikafahamika kwamba wenye aleli mbili za manjano hufa tumboni. Wazazi wawili wa manjano hutoa wazaliwa wa manjano na wasio wa manjano kwa uwiano wa 2 kwa 1. Kwa sarafu, kila mrusho wa jenotaipu hiyo hauandikwi, na darasa litafika 2 kwa 1 lenyewe.

Sifa mbili kwa pamoja zinahitaji sarafu ngapi?

Nne: mbili kwa kila mzazi, moja kwa kila jeni. Mraba wake una visanduku 16, lakini kuzidisha ni rahisi zaidi. Katika njegere, mbegu ya manjano hutawala ya kijani. Mbegu ya mviringo ni 3/4, ya manjano ni 3/4, hivyo ya mviringo na manjano ni 9/16. Mendel alipata mbegu 556 za mchanganyiko huu: 315 mviringo za manjano, 108 mviringo za kijani, 101 makunyanzi za manjano na 32 makunyanzi za kijani, karibu sana na 9:3:3:1.

Kuzidisha huku kunakubalika pale tu sarafu mbili za mzazi mmoja zinapotua bila kutegemeana. Jeni zilizo karibu kwenye kromosomu moja mara nyingi husafiri pamoja, kana kwamba sarafu mbili zimegundishwa. Punnett mwenyewe, akifanya kazi na William Bateson na Edith Saunders, alikutana na hali hiyo katika rangi ya maua na umbo la chavua za njegere za maua, ambapo hesabu za 9:3:3:1 zilikataa kutokea.

Kwa nini urefu wa mtu hauingii kwenye mraba?

Kwa sababu urefu hutegemea jeni nyingi sana, kila moja ikichangia kidogo, pamoja na lishe na afya ya utotoni. Chukua sarafu kumi, hesabu kila uso wa sura kuwa alama moja, rusha mara nyingi, kisha chora idadi ya kila jumla. Utapata wengi katikati na wachache pembeni, bila makundi mawili yaliyotengana. Rangi ya ngozi nayo iko hivyo. Ukiona sifa ambayo watu hupangika kwa ngazi ndogo ndogo kutoka mwanzo hadi mwisho, usiichoree mraba wa visanduku vinne.